Ratiba ya wiki nne ya vitenzi vya Kihispania, kwa ajili yako dogo

Dogo mambo, nimekuandikia ratiba kama nilivyoahidi. Ni dakika 25 kila siku, Jumatatu mpaka Jumamosi, Jumapili pumzika. Andaa kaunta buku moja na dadu ya ludo. Namba za dadu ni nafsi hizi: 1 yo ni mimi, 2 tú ni wewe, 3 él/ella/usted ni yeye au wewe kwa heshima, 4 nosotros ni sisi, 5 vosotros ni ninyi, 6 ellos/ustedes ni wao au ninyi. Hiyo 5 inatumika zaidi Hispania, Amerika ya Kusini wanasema ustedes, ila wewe ifanye tu maana wageni wa hapo hotelini kwenu wengi wanatokea Hispania.

Kabla hujaanza elewa kitu kimoja, sisi nafsi tunaiweka mbele, NInaongea, Unaongea, wao wanaiweka mkiani, hablO, hablAS. Kwa hiyo hakuna haja ya kutaja yo yo yo kila sentensi, ni kama mtu anayesema mimi naongea mimi nafanya kazi mimi nanunua, utachosha watu.

WIKI YA 1, vitenzi vya -ar peke yake
Toa -ar, bandika: -o, -as, -a, -amos, -áis, -an. Jumatatu na Jumanne kitenzi ni hablar tu, (h haitamkwi, sema "ablar"), andika mara tano bila kuangalia, kisha rusha dadu mara 30 na ujibu kwa sauti. Kwa sauti dogo, sio moyoni, mimi nilisoma kimyakimya mwezi mzima na siku ya kwanza kuongea na mtu ulimi ukagoma kabisa. Jumatano ongeza trabajar na comprar, Alhamisi esperar na pagar, Ijumaa cocinar. Kila ukijibu tunga na kasentensi, mfano uko kituoni Kimara mwendokasi halijaja: Espero el bus. Mkiwa wawili: Esperamos el bus. Jumamosi mtihani, dadu mara 12, ukipata chini ya 10 rudia wiki, usione aibu na usiniletee ubishi.

WIKI YA 2, -er na -ir
Hii nyepesi. Comer: como, comes, come, comemos, coméis, comen. Vivir: vivo, vives, vive, vivimos, vivís, viven. Umeona? Zinatofautiana kwenye namba 4 na 5 tu, kwingine kote ni zilezile. Siku mbili comer, beber, vender, siku mbili vivir, abrir, escribir, halafu Ijumaa changanya na za -ar maana hapo ndipo watu wanasema "hablemos" wakidhani wamesema tunaongea. Jumamosi mtihani uleule.

WIKI YA 3, wakorofi wanne
Hawa huwezi kukwepa, wanatokea kila sentensi, meza tu, kimoja kwa siku.
ser: soy, eres, es, somos, sois, son
estar: estoy, estás, está, estamos, estáis, están
ir: voy, vas, va, vamos, vais, van
tener: tengo, tienes, tiene, tenemos, tenéis, tienen
Ser na estar zinatesa sana wazungu ila sisi tuna afadhali, tumezoea "ni" na "-ko". Mimi ni Mtanzania, Soy tanzano. Niko Kariakoo, Estoy en Kariakoo. Haibebi kila kitu (nimechoka ni Estoy cansado) ila inakuvusha pakubwa. Na tener ndio raha kabisa, nina njaa Tengo hambre, nina kiu Tengo sed, nina haraka Tengo prisa, nina miaka 24 Tengo 24 años, yaani kama walikaa Kariakoo na sisi. Ijumaa changanya vyote vinne, Jumamosi mtihani.

WIKI YA 4, waliobaki
Jumatatu na Jumanne ni wale wanaoharibika kwenye yo tu: hacer hago, poner pongo, salir salgo, kwingine kawaida (haces, hace...). Jumatano mpaka Ijumaa wanaobadilika katikati: querer quiero, poder puedo, pedir pido. Chora jedwali la safu mbili, umoja kushoto wingi kulia, zungushia namba 1, 2, 3 na 6, utaona mchoro wa buti, ndani ya buti irabu inabadilika, nje ya buti haibadiliki: queremos, podemos, pedimos. Ila mkiani ni miishio ileile ya wiki ya kwanza na ya pili, kwa hiyo ukiona quiero usitetemeke.

Jumamosi ya mwisho andika sentensi 15 za siku yako, kuanzia unapotoka nyumbani (Salgo de casa a las 6) mpaka shifti inapoisha, angalau nane ziwe na wakorofi. Usinitumie picha ya daftari, nirekodie voisi noti, nataka nisikie kama "hablo" unaitamka na h.