KUH: Ombi la kuniwekea siri na kutowasiliana na mwajiri wangu kwa sasa

Bi. Mwende, hujambo?

Asante kwa simu ya jana. Uniwie radhi kwa kukujibu "ndiyo" na "hapana" tu. Nilikuwa kwenye mlango wa kupokelea mizigo, dereva amesimama mbele yangu akingoja nimtilie sahihi, na mhasibu wetu yuko nyuma yangu anahesabu mifuko ya saruji. Sasa nimefika nyumbani, acha nieleze vizuri.

Kazi hiyo ya usimamizi wa ghala naitaka, na mahojiano ya Jumamosi pale Upper Hill nitafika. Ila nina ombi kabla hujatuma karatasi zangu popote. Kampuni niliyoko haijui kwamba natafuta kazi, na sitaki ijue mpaka niwe nimeshika barua ya ajira mkononi. Tafadhali usiwapigie wala usiwaandikie, hata kama ni kuthibitisha tu kwamba mimi ni mfanyakazi wao.

Kwenye fomu yenu nilimwandika meneja wangu kuwa mrejelewa wa kwanza. Kosa ni langu: fomu iliuliza "msimamizi wako wa sasa", nami nikajaza bila kufikiri. Naomba umwondoe. Mahali pake muweke aliyekuwa mkubwa wangu kule Thika, niliyefanya kazi chini yake kuanzia 2017 hadi 2021. Nimeshaongea naye na anaingoja simu yako. Nimeambatisha pia cheti cha utumishi nilichopewa nilipoondoka kule, kile kinachotajwa na kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira ya 2007. Mteja wenu akitaka uhakika kuhusu kazi yangu ya sasa, nitakuja na payslipu ya mwezi uliopita uione kwa macho yako, kisha nirudi nayo.

Pengine utaona nimezidisha woga. Mwaka juzi mwenzetu wa stoo alikuwa anatafutiwa kazi na wakala mmoja hapa mjini. Wakala akapiga simu ya mapokezi, akamuulizia "kuhusu yale maombi yake ya kazi". Hakufutwa. Lakini Jumatatu iliyofuata alikuta funguo za chumba cha bidhaa za bei ghali ziko kwa mtu mwingine, ovataimu ikakatika, na ile kazi mpya nayo haikutokea. Akakaa miezi minane pale, hajafukuzwa wala haaminiwi. Funguo zenyewe leo ninazo mimi.

Halafu unajua Eneo la Viwanda lilivyo. Lori linalopakia kwetu Enterprise Road asubuhi ndilo utakalolikuta Lunga Lunga mchana, na dereva hashushi mzigo bila kushusha na habari. Kwa hiyo nakuomba usipeleke wasifu wangu kwa kampuni yoyote kabla ya kunitajia jina lake nami nikakubali. Na hata nikikubali, ule wa kwanza unaowapelekea usiwe na jina la mwajiri wangu. Andika tu "msambazaji wa vifaa vya ujenzi, Nairobi". Wakiniita mahojiano, nitawaambia mwenyewe ni wapi.

Hili la kuuliza kwanza naamini mnalifanya tayari, maana Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 hairuhusu habari za mtu zilizochukuliwa kwa kazi moja zitumiwe kwa nyingine. Sisemi hivyo kukutisha, dada yangu. Ni kwamba nimewahi kukuta wasifu wangu mahali ambapo sikuupeleka.

Kitu kimoja umweleze mteja mapema: mkataba wangu unadai notisi ya mwezi mmoja, nami nitaitumikia yote. Akitaka mtu wa kuanza wiki ijayo, basi si mimi. Nikishatia sahihi barua yao na kukabidhi yangu ya kujiuzulu, hapo nitakupa namba ya meneja umpigie upendavyo. Ni mzee mwema, amenifunza mengi. Nataka alisikie kwangu kwanza, tukiwa tumekaa.

Namba yangu binafsi ni ileile uliyonayo. Napatikana saa saba hadi saa nane mchana, au baada ya saa kumi na mbili jioni. Barua pepe ya kazini usiitumie kabisa. Naomba unijibu hapa kwa maandishi kwamba tumeelewana, ndipo uendelee na karatasi.

Wako,
Naliaka

N.B. Ukipiga, Truecaller inaandika jina la ofisi yenu pamoja na "Recruitment" kwa herufi kubwa. Jana simu ilikuwa juu ya meza, nikaifunika na kitabu cha risiti. Nitumie ujumbe wa WhatsApp kwanza, nami nitatoka nje nikupigie.