Ombi la kubadilishiwa msimamizi wa utafiti

6 Oktoba 2025

Mkuu wa Idara,
Idara ya Sayansi za Bahari.

K.K. Mratibu wa Masomo ya Uzamili

Ndugu,

YAH: OMBI LA KUBADILISHIWA MSIMAMIZI WA UTAFITI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili, mwaka wa pili. Ninatafiti jinsi joto la maji linavyoathiri mwani aina ya kotonii huko Paje na Jambiani, na jinsi wakulima, wengi wao akina mama, wanavyohamia spinosamu.

Naomba kwa heshima nipangiwe msimamizi mwingine. Msimamizi wangu wa sasa alinipokea vizuri, na pendekezo langu la utafiti lilipita kwa msaada wake mkubwa. Namna alivyonifundisha kupima joto shambani, kamba kwa kamba, ndiyo ninayoitumia hadi leo. Namshukuru kwa dhati.

Hata hivyo, tangu Mei mawasiliano yetu yamezorota. Sura ya tatu niliyomkabidhi mwezi huo haijarudi, na barua pepe za kukumbushia hazijajibiwa. Tulipokutana Agosti tulikwama kwenye hojaji: yeye alitaka mahojiano na wakulima yaondolewe, tubaki na vipimo vya maji, mimi niliona kwamba vipimo pekee havitatueleza kwa nini mkulima ameacha kotonii. Hoja yake ina uzito kitaaluma na sikusudii kuibishia hapa. Shida ni kwamba tangu siku hiyo hatujaweza kuzungumza tena. Natambua pia kwamba ameongezewa majukumu ya utawala. Kwa hiyo naomba barua hii isichukuliwe kuwa malalamiko dhidi yake.

Linalonihimiza ni majira. Kotonii hupata shida zaidi wakati wa kaskazi, maji yanapopata joto, na mashamba hufikika vizuri siku za bamvu, maji yanapokupwa sana. Fomu ya kwenda uwandani inahitaji saini ya msimamizi. Kaskazi hii ikinipita itabidi nisubiri ya mwakani, ilhali ufadhili wangu unaisha Septemba 2026.

Ningefurahi kupata mhadhiri mwenye uzoefu wa kilimo cha mwani au wa utafiti katika jamii za pwani. Idara ikiona vyema msimamizi wa sasa aendelee kama msimamizi mwenza, nitaridhia kwa moyo mkunjufu. Vyovyote itakavyoamuliwa, mchango wake utatajwa kwenye tasnifu. Nisingependa asikie habari hizi pembeni. Niko tayari kumweleza mwenyewe, mbele yako ukiona inafaa.

Nimeambatanisha pendekezo lililoidhinishwa, rasimu ya sura ya tatu na ratiba ya uwandani. Naweza kufika ofisini kwako siku yoyote wiki hii, kuanzia saa nane mchana.

Wako mtiifu,

Mwanaidi Haji
Mwanafunzi, Shahada ya Uzamili