Siku yangu kwenye cherehani, na sauti moja iliyookoa gauni la satini

Ijumaa, Kawangware. Kibanda kinafunguliwa saa moja na nusu, kabla matatu za 46 hazijapungua abiria wa kwenda mjini. Kazi ya kwanza ni mashine. Cherehani ya kukanyaga inapigwa brashi chini ya bamba na kwenye nyumba ya bobini, maana vumbi la jana ndilo linalokula uzi wa leo. Tone moja la mafuta kila tundu, kisha nashona kitambaa kikuukuu mpaka mafuta yaache kuchafua. Ukiruka hatua hiyo, doa la kwanza litaangukia shati jeupe la mtu.

Saa mbili ni uniform: sketi mbili za kushusha pindo. Alama ya pindo la zamani haitoki kwa pasi kavu. Natandika kitambaa chenye maji na siki kidogo, nakandamiza, nainua, bila kusugua.

Saa nne ni jinzi, sindano namba 16. Mtihani wa jinzi uko pale mshono wa pembeni unapokutana na pindo. Futi la mashine linapanda kilima, linainama nyuma, na mashine inaruka mishono. Nagonga unene huo kwa nyundo, kisha naweka kipande cha jinzi kilichokunjwa nyuma ya futi ili likae sawa. Pale nazungusha gurudumu kwa mkono.

Hiyo ndiyo siku ya kawaida. Iliyobadilika ni saa sita.

Kwenye benchi amekaa mama mmoja mtu mzima, anangojea zipu ya sketi yake. Nimeshafunga sindano mpya, namba 11, na zipu yake ya chuma imeingia vizuri. Kinachofuata mezani ni gauni la satini la msimamizi wa bibi harusi, harusi ni kesho. Najaribu kwanza mshono kwenye kipande cha bitana. Mama anainua kichwa.

"Fundi, simama kidogo. Hiyo sindano inapiga, haichomi."

"Mama, hii nimeifungua leo kwenye pakiti."

"Upya si hoja. Sikiliza."

Nakanyaga polepole. Kweli: kila sindano ikishuka kuna *tup*, kama kidole kikigonga karatasi iliyotandazwa. Sindano kali hupita kitambaani bila kelele. Iliyoharibika ncha husukuma kitambaa kwanza kuingia kwenye tundu la bamba, kisha hukitoboa kwa nguvu, na hapo ndipo sauti inapozaliwa.

Mama anaeleza kwamba alishona miaka mingi kwenye kiwanda cha nguo Athi River, mahali ambapo mashine ni nyingi na mtu hujifunza kuisikia yake. Anaomba sindano. Anaishika kati ya vidole viwili, analaza ncha juu ya ukucha wa kidole gumba na kuivuta taratibu bila kukandamiza. Ukuchani unabaki mstari mweupe. Anachukua nyingine kwenye pakiti, anarudia: ukucha hauna kitu.

Chanzo ni zipu. Sindano ikigusa jino la chuma hata mara moja, ncha hujikunja kidogo mno kwa jicho kuona. Ukiingalia inang'aa, ukiipitisha ukuchani inakwaruza.

Kwenye jinzi ndoano hiyo ingepita bila mtu kujua. Satini haisamehe. Ncha hunasa uzi mmoja wa kitambaa na kuuvuta, na mstari unatokea toka mshononi hadi mbali, usioondoka kwa pasi. Ukifumua, matundu yanabaki. Dawa ingekuwa kununua kitambaa upya, saa hizo.

Sindano inabadilishwa, uzi unaingia kutoka upande wenye mfereji, nalegeza uzi wa juu kidogo maana satini hukunjamana ukikazwa. Pini zinachomwa ndani ya sehemu ya mshono tu. Safari hii kipande cha majaribio kinatoka kwenye satini yenyewe. Sauti ya *tup* hakuna. Mishono imelala, nyuma na mbele sawa.

Mama analipa shilingi 150 za zipu. Nataka kumrudishia; anakataa, anasema nimnunulie sindano za akiba.

Mchana uliobaki ni kupiga pasi, kukata bitana, na mwenye gauni kuja saa kumi na moja kulijaribu akiwa amevaa viatu vya kesho, kwa sababu urefu hupimwa na kisigino chake, si kwa macho. Tunapunguza sentimita mbili mbele.

Sindano iliyokunjika haikurudi kwenye pakiti. Imeingia kwenye kichupa cha dawa chenye kifuniko, pamoja na zilizovunjika, ili asije mtoto akaikanyaga. Na kuanzia sasa zipu ya chuma inashonwa mwisho wa siku, baada ya satini.