Muhtasari wa Mkataba wa Minamata kuhusu Zebaki kwa Viongozi wa Wachimbaji Wadogo, Wilaya ya Chunya

Muhtasari huu umeandaliwa kwa ajili ya mkutano wa viongozi wa wachimbaji wadogo na wenye mialo, ambao wengi wao wameuliza kama Mkataba unapiga marufuku zebaki mara moja.

Wahusika ni nchi zilizoridhia, si kampuni wala mchimbaji mmoja mmoja. Mkataba ulipitishwa nchini Japani Oktoba 2013, ukaanza kutumika tarehe 16 Agosti 2017. Tanzania iliridhia mwaka 2020. Umepewa jina la mji ambao wakazi wake waliugua kwa kula samaki wenye sumu ya zebaki iliyotoka kiwandani, na hauruhusu nchi kuweka pingamizi kwa kifungu chochote.

Ahadi inayotugusa zaidi imo katika Ibara ya 7: nchi yenye uchimbaji mdogo wa dhahabu unaotumia zebaki itapunguza matumizi ya zebaki na, inapowezekana, kuyaondoa kabisa. Maneno hayo "inapowezekana" yana uzito, kwani ndiyo yanayoonyesha kwamba Ibara hiyo haikuweka tarehe ya mwisho kwa wachimbaji wadogo. Hata hivyo, nchi ambayo uchimbaji huo si wa kubeza lazima iandae mpango wa taifa unaoeleza hatua za kukomesha mambo manne: kumwaga zebaki kwenye mawe yote yaliyosagwa kabla ya kuyachuja, kuchoma dhahabu yenye zebaki mahali pa wazi, kuichomea kwenye makazi, na kutia sayanidi kwenye marudio ambayo zebaki yake haijaondolewa. Mama anayechomea dhahabu kwenye jiko la mkaa, mtoto akiwa mgongoni, anatenda mawili kati ya hayo kwa wakati mmoja, na mvuke huo hauonekani.

Kuhusu muda, mpango huo huwasilishwa ndani ya miaka 3 tangu Mkataba uanze kuibana nchi, au tangu nchi itoe taarifa kwa Sekretarieti ya Mkataba kwamba uchimbaji huo si wa kubeza, kwa kufuata tarehe ya baadaye. Kisha maendeleo hupitiwa kila baada ya miaka 3. Migodi ya zebaki iliyokuwapo hupewa miaka 15 tu, na mipya hairuhusiwi. Kusafirisha zebaki kwenda nchi mwanachama kunahitaji idhini yake ya maandishi.

Katika utekelezaji, hakuna faini wala mahakama maalumu. Ipo Kamati ya wajumbe 15, kazi yake ikiwa kusaidia nchi inayokwama, na taarifa za nchi hutolewa kwa vipindi vilivyopangwa. Migogoro kati ya nchi huanza kwa mazungumzo, na nchi zinaweza kukubali usuluhishi au Mahakama ya Kimataifa ya Haki. Adhabu kwa mtu binafsi hutokana na sheria za nchi pekee, kwa hiyo mwenye mwalo anayeulizwa na mkaguzi atajibu kwa leseni yake na kwa sheria za Tanzania.