Uhakiki wa ripoti: Ukaguzi wa nyumba ya matumbawe, Mtaa wa India, Bagamoyo

Ripoti hii ya kurasa 46 iliandikwa na wahandisi washauri wawili kwa mwenye nyumba ya kale ya ghorofa moja anayetaka kuigeuza nyumba ya wageni. Ametuazima kwa sharti la kutotaja majina. Waliulizwa swali moja: mbona kuta za chini zinabomoka ilhali zilipigwa lipu upya juzi tu?

Jibu lao ni kwamba lipu yenyewe ndiyo inayoziua. Ukuta wa matumbawe na chokaa hunyonya unyevu wa ardhini na kuutoa polepole kupitia uso wake. Ukizibwa kwa saruji, unyevu hukosa pa kutokea, hupanda juu zaidi, na chumvi yake hugandia nyuma ya lipu na kulisaga jiwe. Wanapendekeza saruji ibanduliwe, ukuta uachwe ukauke, kisha upigwe lipu ya chokaa tabaka kwa tabaka. Boriti za mikoko zilizooza ncha zibadilishwe kwa chuma. Wanakiri kuwa walikagua wakati wa kiangazi na hawakufukua msingi. Ni washauri wachache wanaoandika hivyo bila kubanwa.

Sura ya kuta naiunga mkono. Nilikwenda mwenyewe. Kando ya mlango wa uani niligonga lipu kwa kifundo cha kidole, ikalia kama debe tupu. Kipande kikadondoka, mgongo wake mweupe. Nikakilamba (mama muuza vitumbua jirani alicheka hadi akaegemea ukuta), na jiwe lililobaki likapukutika kwa ukucha. Kwa picha ya ukurasa wa 19, waandishi hawakutia chumvi hata punje.

Kwenye boriti ndipo tunapoachana. Upepo wa bahari hukitia chuma kutu, kutu huvimba, na ncha iliyozikwa ukutani hupasua mawe. Ukurasa wa 12 wanailaani saruji kwa ugeni wake ndani ya ukuta huu. Ukurasa wa 33 wanaukaribisha ugeni mwingine. Kama tatizo ni kwamba mikoko haikatwi bila kibali, wangesema hivyo na kupima mbao ngumu nyingine. Hawakupima.

Ratiba nayo inatoa siku 10 kwa lipu yote. Chokaa hukomaa kwa hewa, taratibu, ikifunikwa magunia mabichi isikaushwe na jua. Tabaka la pili haliwahishwi. Siku 10 ni hesabu ya saruji.

Sentensi ya "mafundi wasio na weledi" ingefutwa. Fundi alipiga saruji kwa sababu ndiyo aliyoletewa.

Mwenye nyumba aanze kubandua. Chuma asiagize kwanza, na masika ikiingia, msingi ufukuliwe.