Yah: Ukaguzi wa Toyota Noah iliyopata ajali Pongwe – Alhamisi 14 Mei 2026, saa 3:00 asubuhi, gereji ya Ngamiani, Tanga

Ndugu Mkadiriaji,

Salaam na pole na kazi. Ninaandika kwa niaba ya Bi Zuhura, mwenye gari, kufuatia dai lake la bima kubwa alilolifungua leo Jumatatu. Namba ya usajili na ya chasisi ziko kwenye nakala ya kadi ya gari niliyoambatanisha, pamoja na stika ya bima, leseni ya dereva na picha 14 zilizopigwa eneo la ajali kabla gari halijasogezwa.

Noah iligonga nyuma ya lori lililosimama kushoto mwa barabara pale Pongwe, Jumamosi 9 Mei, saa 1 jioni, mvua ikinyesha. Hakuna aliyelazwa hospitali. Kipigo kimeingia mbele kushoto.

Kwa sasa gari liko kituo cha polisi Chumbageni. Mkaguzi wa trafiki ameahidi kulimaliza kesho, na tukipewa ruhusa litahamishwa Jumatano mchana. Tumeomba brekidauni yenye kitanda, ibebe gari zima. Gia ni otomatiki na tairi za mbele ndizo zinazovuta, tena ya kushoto imerudi nyuma hadi inagusa fenda, kwa hiyo kulikokota kungeongeza uharibifu na baadaye tungebishana upi ni wa ajali na upi ni wa njiani. Kama ruhusa itachelewa nitakupigia Jumatano kabla ya saa 9 alasiri, usije ukafunga safari bure.

Ukaguzi wenyewe naomba ufanyike gerejini, si kituoni. Kituoni gari liko juani, limebanwa na mengine pande zote mbili, na hairuhusiwi kufungua hata boliti moja. Ukilitazama pale utaona bampa, grili, taa kubwa ya kushoto, boneti na fenda, basi. Vilivyo nyuma yake havionekani, na ndivyo vyenye gharama: sapoti ya rejeta, kondensa ya AC, feni, mhimili wa chasisi wa kushoto, mkono wa chini wa tairi na shafti. Ripoti ikiandikwa kwa vya nje tu, fundi akifungua itabidi uitwe tena kwa ripoti ya nyongeza, na gari linakaa wiki nyingine bila kuguswa.

Ndiyo maana nimepanga hatua mbili siku hiyo hiyo. Kwanza unalikuta gari kama lilivyotoka polisi. Hakuna kitakachofunguliwa wala kuoshwa kabla hujafika. Ukishapiga picha zako na kuhakiki namba ya chasisi, mafundi wanafungua mbele yako. Kutoa bampa, taa, fenda na rejeta kutachukua kama saa mbili. Boneti imejikunja kwenye bawaba na huenda ikahitaji kukatwa, kazi ambayo hatutaigusa bila wewe kukubali.

Mambo matatu ningependa uyatazame kwa karibu. La kwanza ni chasisi. Tutalipandisha gari kwenye stendi nne na kupima kimshazari, tundu hadi tundu, kulia na kushoto. Kawaida tofauti ikizidi milimita 3 mhimili unahitaji kuvutwa kwenye mashine, na hiyo ni kazi tofauti kabisa na kunyoosha bati. Futi ya chuma tunayo, ila ukija na kipimo chako ni vizuri zaidi, tulinganishe.

La pili ni mafuta ya gia. Kipoza mafuta cha gari hili kiko ndani ya rejeta, nayo imepasuka upande wa chini. Maji yakiingia kwenye gia, mafuta hugeuka rangi ya maziwa na gia nzima huharibika. Tutachomoa kijiti mbele yako na kuchukua sampuli kwenye chupa safi. Dereva anasema alizima injini mara baada ya kugonga, na tangu hapo haijawashwa. Naomba isiwashwe siku ya ukaguzi pia: haina maji, na ikipata joto kupita kiasi gasketi ya silinda hedi inaweza kuungua, hasara ambayo bima haitailipa kwa sababu si ya ajali.

La tatu ni eabegi. Ya dereva imefumuka, ya abiria haijafumuka. Waya hasi wa betri umeshatolewa. Tutaurudisha mara moja tu, kusoma kilometa na kuunganisha mashine ya kupimia, na wakati huo asikae mtu viti vya mbele. Tukiutoa tena tunasubiri zaidi ya sekunde 90 kabla ya kugusa waya wowote wa mfumo huo. Mkanda wa dereva nao umejikaza, haurudi. Kwenye makisio yetu eabegi na mkanda vitaandikwa vipya. Fenda na boneti za mtumba kutoka Japani nitazikubali, lakini si vifaa vya kuokoa roho.

Kuna bonyeo mlango wa nyuma na mkwaruzo bampa la nyuma kulia. Ni vya zamani, havimo kwenye dai. Nitavizungushia chaki usivichanganye. Vipande vyote vilivyookotwa barabarani vimehifadhiwa kwenye magunia mawili, na vitakavyofunguliwa vitawekwa pembeni hadi kampuni ya bima iseme vichukuliwe au viachwe.

Watakaokuwepo: Bi Zuhura mwenyewe, anayetoka Muheza, na kadi halisi ya gari. Dereva, ambaye ni mpwa wake, na leseni halisi. Ukitaka kumhoji peke yake, ofisi ya gereji itakuwa wazi. Mimi, fundi bodi na fundi umeme. Wakala wa bima wa hapa Tanga ameahidi kufika saa 4. Trafiki hatakuwepo, lakini ripoti yake ya ukaguzi na mchoro wa eneo tutakuwa navyo kama vitatoka kesho. Visipotoka nitakujulisha, maana bila hivyo najua faili lako halifungiki.

Gereji iko Ngamiani, Barabara ya 14, geti la bluu, mkabala na fundi wa matairi. Ukishukia stendi ya Kange, bajaji itakufikisha. Mwambie dereva anipigie, nitamwelekeza. Mabasi ya alfajiri kutoka Dar es Salaam hufika Kange karibu na adhuhuri, hivyo saa 3 itakufaa tu ukilala Tanga Jumatano. Vinginevyo tuanze saa 7:30 mchana, ila tutabanwa na mwanga. Gari litakuwa chini ya paa, mvua za masika zisitusumbue, lakini jioni pale ndani ni giza kwa picha za chini.

Ikishindikana Alhamisi, Ijumaa 15 Mei tunaweza kuanza saa 2 asubuhi. Mafundi wataacha kazi saa 6 kwenda swala ya Ijumaa na kurudi saa 8.

Naomba jibu lako kesho Jumanne kabla ya saa 10 jioni, unitajie siku na saa uliyochagua, na kama utakuja mwenyewe au utamtuma mwenzako, ili nimpe mlinzi wa geti jina la mgeni. Mwenye brekidauni naye anasubiri nimthibitishie.

Wako katika kazi,
Msimamizi wa gereji,
Ngamiani, Tanga
11 Mei 2026