Barua ya Kuomba Miadi Kuhusu Leseni ya Kutengeneza Yogati, Njoro

Rahab Chepkorir Langat,
S.L.P. 618 – 20107,
NJORO.

14 Julai 2025

Meneja wa Eneo,
Bodi ya Maziwa ya Kenya,
Ofisi ya Nakuru,
NAKURU.

Bwana/Bibi,

KUH: OMBI LA MIADI KUHUSU DARAJA LA LESENI YA KUTENGENEZA YOGATI

Naomba kukutana nawe, au na afisa wa leseni utakayemteua, kwa muda wa nusu saa hivi. Ninapanga kuanza kutengeneza yogati ya kuuza, na ningependa kujua leseni inayonihusu kabla sijalipia mashine wala kumwita fundi avunje ukuta.

Nina duka la maziwa mjini Njoro. Ninalo kibali cha duka la maziwa kutoka kwa Bodi, ambacho kitaisha mwishoni mwa Desemba mwaka huu, pamoja na kibali cha biashara cha Kaunti ya Nakuru. Wasaidizi wangu wawili na mimi tumepimwa afya na vyeti vyetu ni halali. Kwa siku napokea takriban lita 180 kutoka kwa wafugaji 14 wa Mauche na Mau Narok. Maziwa huletwa kwa mitungi ya alumini, si mitungi ya plastiki, na hayapokelewi kabla ya kupimwa kwa laktomita na kwa alkoholi. Nikiambiwa ng'ombe alidungwa sindano, maziwa yake siyachukui mpaka muda ulioandikwa na daktari wa mifugo upite, hata kama mwenye ng'ombe ni jirani. Hilo limenikosanisha na mmoja wao, lakini ndivyo ilivyo.

Maziwa nikishayapokea huyapasha moto hadi nyuzi 63 na kuyaacha katika joto hilo kwa dakika 30, kisha nayapoza upesi. Mengi huuzwa siku hiyo hiyo yakiwa freshi, na yanayobaki nayagandisha yawe mala. Wanunuzi wangu wengi ni wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Egerton na wafanyakazi wa mjini. Hao wanafunzi ndio walioanza kuulizia yogati, na sasa wenye maduka wawili wa Nakuru mjini wameniambia wako tayari kuichukua iwapo itakuwa kwenye vikombe vilivyofungwa na yenye lebo.

Hapo ndipo swali langu lilipo. Kwa sasa mteja huja na chombo chake, nampimia, anaondoka. Yogati ya kwenye vikombe itatoka dukani kwangu na kwenda kuuzwa na mtu mwingine, mahali pengine, baada ya siku kadhaa. Nimesoma Kanuni za mwaka 2021 za usajili na utoaji wa leseni katika sekta ya maziwa, zilizowekwa chini ya Sheria ya Sekta ya Maziwa, Sura ya 336. Naona wazi kwamba duka la maziwa na kiwanda kidogo ni vitu viwili tofauti, na katikati yake wamo wasindikaji wadogo kabisa. Biashara yangu itakuwa imesimama mguu mmoja huku na mwingine kule: mbele nitaendelea kuuza maziwa freshi kwa kipimo, na chumba cha nyuma kitakuwa cha yogati. Je, nitahitaji leseni moja itakayobeba kazi zote mbili, au nibaki na kibali cha duka na kuombea chumba cha nyuma leseni yake? Na mnapoamua daraja, kinachotazamwa zaidi ni idadi ya lita, au ni bidhaa yenyewe na mahali inapouzwa? Nauliza kwa sababu nitaanza na lita 60 tu kwa siku, ilhali mashine ninayoitaka inabeba lita 300. Muuzaji wa mashine ananiambia ukubwa wake hauna shida yoyote, lakini yeye anauza mashine, hatoi leseni.

Jambo la pili ni jengo. Chumba cha nyuma kina mlango mmoja tu, unaopitia dukani. Nimechora mpango wa kuziba mlango huo, kufungua mwingine upande wa ua, kuweka vigae ukutani na kuelekeza maji machafu kwenye shimo lililoko nje. Mwenye nyumba amekubali, kwa maandishi. Ningefurahi afisa aukague mchoro huo mezani kabla fundi hajaanza, kwa kuwa kubomoa kazi ya saruji iliyokwisha kukauka ni gharama nisiyoimudu. Ikiwa mtaona ni bora afisa aje Njoro aone mwenyewe, nitashukuru zaidi, na siku yoyote ya kazi itanifaa.

Ningeomba pia mwongozo kuhusu utaratibu wa hatua. Najua yogati ya kwenye pakiti itahitaji alama ya ubora ya KEBS, na kwamba afisa wa afya ya umma lazima akague chumba. Ninachotaka kuelewa ni kipi kitangulie, ili nisipeleke sampuli kwenye maabara zikitoka katika chumba ambacho bado hakijaidhinishwa. Vilevile, kijana wa bodaboda anayeniletea maziwa kutoka Mau Narok ni wa kukodiwa, wala si mwajiriwa wangu. Ikiwa kibali cha kusafirisha maziwa kinapaswa kuwa kwa jina lake, nitakuja naye tuyamalize siku hiyo hiyo.

Kuhusu siku, napendekeza Jumanne tarehe 29 au Alhamisi tarehe 31 Julai, kuanzia saa nne na nusu asubuhi. Mapema zaidi ya hapo huwa ninapokea maziwa, na hayo hayasubiri. Ikiwa siku hizo zimejaa, nitakuja siku yoyote mtakayonipangia kabla ya tarehe 15 Agosti. Muuzaji wa mashine amekubali kunishikia bei hadi mwisho wa Agosti, na sijampa hata shilingi ya arbuni. Nitafuatana na mpwa wangu, ambaye ndiye anayeniandikia hesabu na rekodi za mapokezi, maana maswali ya tarakimu yeye huyajibu haraka kuliko mimi.

Nimeambatisha nakala ya kibali changu cha sasa, kibali cha kaunti, vyeti vitatu vya afya, mchoro wa chumba, barua ya mwenye nyumba na rekodi za upimaji wa maziwa za miezi ya Aprili, Mei na Juni. Nakala halisi nitakuja nazo siku ya miadi. Kama kuna fomu au stakabadhi nyingine inayotakiwa, naomba nijulishwe mapema ili niilete siku hiyo. Nambari yangu ya simu na anwani ya baruapepe ni zile zile zilizo kwenye maombi yangu ya kibali, na dukani kuna mtu kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa moja jioni.

Wako mwaminifu,

Rahab Chepkorir Langat
Mmiliki, duka la maziwa, Njoro

Nakala: Afisa wa Afya ya Umma, Kaunti Ndogo ya Njoro